Setralini, 5-HTP na SAMe kwenye droo moja: kisa cha dada wa shifti ya usiku

Huyu dada ni mtu wangu wa karibu, tunaishi jimbo moja huku Marekani, yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee na mimi ni nesi wa hospitali. Ameniruhusu nisimulie ilimradi jina na mji niviache, kwa hiyo nitamwita dada tu. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila kitu alichomeza siku ile kilikuwa halali, kimenunuliwa dukani au kimeandikwa na daktari, na hakuna hata kimoja alichozidisha kwa makusudi ya kujidhuru. Alikuwa anatafuta usingizi basi, akaishia na serotonini kuzidi mwilini, ile kemikali ambayo neva hutumia kupeana ujumbe.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimetoka shifti, nimelala masaa matatu hivi, saa nane kasoro mchana simu inaita. "Kaka, samahani nakuamsha, hivi homa ya mafua inaweza kufanya miguu ichezecheze yenyewe?" Sauti yenyewe ilikuwa inatetemeka, meno yanagongana, na anaongea haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Nikamuuliza umekula nini umekunywa nini, akasema hajanywa kitu zaidi ya dawa yake ya kila siku na dawa ya kikohozi. Nikavaa koti nikaenda, ni dakika kumi tu kutoka kwangu.

Nilichokuta nakikumbuka vizuri. Shuka limelowa jasho kama limetoka kufuliwa, na chumba si cha joto. Yeye hawezi kukaa, anakaa kitandani anainuka anaenda chooni anarudi, ameharisha mara tatu tangu saa sita. Mboni za macho zimefunguka kubwa nyeusi ingawa pazia liko wazi na mwanga wa theluji unaingia mpaka ndani. Mapigo ya moyo 128 kwa dakika, joto 38.4, na alikuwa ameshameza paracetamo saa nzima nyuma bila joto kushuka hata kidogo. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi, lakini miguu ndiyo ilikuwa na hali mbaya zaidi, mapaja yamekaza na magoti yanaruka.

Nikamwambia alale chali alegeze mguu. Nikashika chini ya goti kwa mkono mmoja, mkono mwingine nikaweka kwenye unyayo nikausukuma juu kwa ghafla kuelekea usoni kwake kisha nikaendelea kuushikilia hapo hapo. Mguu ukaanza kupiga wenyewe kwenye kiganja changu, tap tap tap tap, kama mtu anakanyaga cherehani, nikahesabu mapigo manane na ulikuwa bado unaendelea. Mtu mzima mwenye afya akifanyiwa hivi kwa kawaida mguu unatulia hapo hapo, au unapiga mara moja mbili ukaacha. Mafua hayafanyi hivyo, na wasiwasi wa moyo peke yake haufanyi hivyo.

Nikauliza tena, safari hii kwa maneno mengine. Sikusema dawa. Nikasema, "Mdogo wangu, nionyeshe kila kitu kilichoingia mdomoni tangu jana, vitamini, chai, unga, kila kitu." Akafungua droo ya pembeni ya kitanda. Setralini, dawa yake ya sonona. Chupa ya sharubati ya kikohozi yenye herufi DM. Chupa ya 5-HTP kapsuli za miligramu 100. Na boksi la SAMe vidonge vya miligramu 400. Akasema, na alisema kwa unyoofu kabisa, "Hizi mbili si dawa kaka, hizi ni za asili, ni saplimenti."

Nikavitia vyote kwenye mfuko. Mwenzake wa nyumba, kwa huruma tu, alikuwa amemletea tramado ya kutuliza maumivu ya misuli, iko mezani na glasi ya maji tayari. Nikamwomba asimpe. Nitarudi kwenye hiyo tramado.

Sasa turudi nyuma wiki tatu, maana kisa hakikuanza Jumamosi.

Dada alikuwa anatumia setralini kwa ajili ya sonona miezi minane, miligramu 100 kwa siku, na ilimsaidia. Wiki tatu kabla, kwa sababu huzuni ilikuwa inarudi na majira ya baridi, daktari akapandisha hadi 150. Uamuzi wa kawaida kabisa, dozi ya setralini huwa inafika mpaka 200. Shida ni saa aliyokuwa anaimeza. Yeye anafanya usiku, anarudi saa moja na nusu asubuhi, anaoga, anameza setralini saa mbili ndiyo anapanda kitandani. Setralini ni dawa ambayo watu wengi huwachangamsha, kukosa usingizi ni moja ya madhara yake yanayojulikana sana. Dozi ilipopanda usingizi wa mchana ukakatika kabisa, akawa analala masaa matatu anaamka anaangalia dari. Hakumpigia daktari, aliona ni stresi za kazi na shifti, na mwenzake kazini akamwambia yeye hutumia 5-HTP na analala kama mtoto.

Akaagiza onlaini. Na kwa kuwa duka lile lile lilimwonyesha SAMe kwamba inainua hisia, akaongeza kwenye oda. Siku tisa kabla ya Jumamosi alianza 5-HTP kapsuli moja. Kichefuchefu kidogo, choo laini, hakujali. Siku ya nne akapanda mbili. Siku ya tano akaanza na SAMe, kidonge kimoja anapoamka. Hapo tayari mwili ulikuwa unatoa ishara, ananiambia jasho la usiku kazini na taya kukaza, ila nani angehusisha na vidonge vya usingizi.

Ijumaa usiku akiwa kazini kikohozi kikambana, saa tisa usiku akanywa sharubati ya DM. Saa mbili asubuhi nyumbani: setralini 150, sharubati tena, 5-HTP mbili. Saa nne hajalala, akaongeza 5-HTP mbili nyingine. Kwa hiyo ndani ya masaa mawili amemeza miligramu 400 za 5-HTP juu ya setralini. Saa sita mchana tumbo likaanza, baada ya hapo jasho, kisha miguu.

Ili uelewe kwa nini ilitokea hivyo fikiria tangi la maji juu ya nyumba. Serotonini ndiyo maji. Mwili unaitengeneza kutoka kwenye triptofani ya chakula, maharage, mayai, nyama, lakini kati ya triptofani na serotonini kuna bomba moja jembamba, kimeng'enya kinachofanya kazi polepole, na hilo bomba jembamba ndilo linalozuia tangi lisijae hovyo hata ukila kuku mzima. 5-HTP ni ile hatua inayokuja baada ya lile bomba. Ukiimeza umeshaliruka, inabaki hatua moja tu ambayo mwili unaifanya upesi, ni sawa na kuleta boza la maji ukamwaga moja kwa moja tangini. Na inavuka mpaka kwenye ubongo, tofauti na serotonini yenyewe ambayo ukiimeza haivuki.

Setralini inafanya kazi upande wa pili. Haiongezi maji, inaziba njia ya kutokea: serotonini ikishatolewa kati ya neva na neva kwa kawaida inanyonywa kurudi ndani, setralini inazuia kunyonywa huko ili ikae zaidi. Ukiwa na setralini peke yake, maji yanaingia kidogo kidogo kupitia bomba jembamba na yanatoka kidogo, mwili unazoea. Dada alikuwa ameziba pa kutokea, halafu akaleta boza. Hata ile DM ya kikohozi, dekstromethofani, nayo inazuia serotonini isinyonywe, dozi ya kawaida kwa mtu asiyetumia kitu kingine haina neno, ila kwake ilikuwa mkono mwingine unaoziba ile njia ya kutokea.

Kuharisha ndiyo ishara niliyotamani angeitambua mapema. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni, si kichwani, na 5-HTP nyingi inageuzwa huko huko kwenye utumbo kabla haijafika popote. Kwa hiyo tumbo huwa la kwanza kulalamika. Ile choo laini ya siku ya kwanza ilikuwa taarifa.

Na kuhusu "ni ya asili": kweli, 5-HTP ya dukani inatolewa kwenye mbegu za mmea unaoitwa grifonia, unaota Afrika Magharibi, Ghana na Togo huko. Mimi sina ugomvi na mbegu. Ila kinachobaki kwenye kapsuli ni kemikali moja iliyochujwa, ile ile ambayo ubongo unaigeuza kuwa serotonini, na mwili hauulizi imetoka kwenye mti au kiwandani. Marekani kwa sheria ya 1994 saplimenti inauzwa bila kwanza kuthibitisha kwa serikali kwamba inafanya kazi, kwa hiyo iko rafu moja na vitamini C. Chupa ya dada ilikuwa na onyo, tuliisoma baadaye, maandishi madogo mgongoni: usitumie kama unatumia dawa za sonona bila kumwona daktari. Yeye alikuwa ameitupa risiti na boksi, na mgongo wa chupa hakuwahi kuugeuza.

SAMe sasa, na hapa nataka niwe mwangalifu maana watu hupenda kutupia lawama kila kitu kilichokuwa droo moja. SAMe ni kitu ambacho mwili unakitengeneza wenyewe, kinagawa vipande vidogo vya kemikali vinavyohitajika kwenye kazi nyingi, pamoja na utengenezaji wa kemikali za hisia. Ulaya, Italia hasa, imetumika kama dawa ya kuandikiwa kwa miaka mingi, Marekani ikaingia kama saplimenti mwaka 1999. Haimwagi serotonini moja kwa moja kama 5-HTP. Mwaka 2010 kulichapishwa utafiti ambapo wagonjwa 73 wa sonona ambao dawa za aina ya setralini hazikuwatosha waligawanywa, baadhi wakaongezewa SAMe, miligramu 800 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, na wengi zaidi kati yao walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kwa hiyo huwezi kusema mchanganyiko huo daima ni sumu. Lakini wale walikuwa chini ya madaktari wanaojua kila kinachoingia mdomoni. Na mwaka 1993 iliripotiwa habari ya mama mtu mzima aliyepata dalili za serotonini kuzidi akiwa kwenye SAMe pamoja na klomipramini, dawa ya sonona ya zamani yenye nguvu, baada ya dozi ya klomipramini kupandishwa. Mimi nikipima kisa cha dada, mhusika mkuu ni 5-HTP juu ya setralini iliyopandishwa, DM ikasukuma, SAMe ya siku tano inawezekana ilichangia kidogo, sina namna ya kuitenga. Hatari ya SAMe inayonitisha zaidi ni nyingine: mtu mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, bado hajajulikana, anaimeza apone huzuni, inamrusha upande wa pili anakaa siku nne halali anagawa hela.

Tukafika emajensi. Hapa ndipo kisa kingeweza kupotea. Mapokezi walimuuliza unatumia dawa gani, akajibu setralini na dawa ya kikohozi. Homa, jasho, kikohozi, mwezi wa pili: wakaandika mafua, wakachukua kipimo cha pua. Wala siwalaumu, nami ningeandika hivyo. Daktari alipoingia nikaweka mfuko mezani nikatoa chupa moja moja, nikamwambia na mguu wake unapiga. Alisoma lebo ya 5-HTP, akavuta kiti, akashika unyayo. Ukapiga tena. Akagonga goti kwa nyundo, mguu ukaruka karibu umpige.

Hakuna kipimo cha damu cha serotonini kuzidi namna hii, na watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Kiwango cha serotonini kwenye damu hakikuambii kinachoendelea kwenye neva. Madaktari wanatumia vigezo vya Hunter, vilitoka Australia 2003, na vinasimama juu ya yale mapigo ya mguu: mtu ametumia kitu kinachoongeza serotonini, mguu ukisukumwa unapiga wenyewe, na ana jasho au hawezi kutulia, imetosha. Dada alikuwa navyo vyote. Waliangalia pia macho, maana wakati mwingine ni macho yanayochezacheza badala ya mguu. Damu walichukua kuangalia figo na misuli, kwa sababu misuli ikikaza muda mrefu inaanza kuvunjika na kuziba figo.

Homa ya namna hii inatokana na misuli inayofanya kazi bila kupumzika, haitokani na vijidudu, ndiyo maana paracetamo haikufanya kitu. Kinachoshusha joto ni kulegeza misuli. Wakampa lorazepamu kwenye mshipa, na ndani ya kama nusu saa niliona mabega yake yanashuka. Dripu ya maji kwa sababu ya kuharisha na jasho. Halafu siproheptadini ya kumeza, miligramu 12 za kuanzia. Watu wa nyumbani mnaijua hii, ndiyo vile vidonge vya kuongeza hamu ya kula na unene. Ni dawa ya zamani ya mzio ambayo pia inaziba baadhi ya milango ambayo serotonini inagonga, ndiyo ikapata kazi hii. Msiiweke ndani mkajitibu nayo tafadhali, nusu ya matibabu ni mtu kuangaliwa joto na moyo kila saa, maana likipita 41 ni kulazwa usingizi na kuwekewa mashine ya kupumua.

Kwake halikufika huko. Saa mbili usiku joto 37.3, mguu unapiga mara mbili tu unaacha. Walimlaza mpaka Jumapili jioni. Wengi wakiacha kilichosababisha wanatulia ndani ya siku moja hivi, na setralini inatoka mwilini kwa haraka kiasi, nusu yake inaisha kama kwa siku moja. Angekuwa anatumia fluoksetini habari ingekuwa ndefu, ile na mabaki yake inakaa wiki kadhaa. Kuna watu wanadhani wakiacha fluoksetini Jumatatu wanaweza kuanza 5-HTP Alhamisi. Hapana, dawa bado iko mwilini, kabla ya kuanza zile dawa za sonona za zamani ziitwazo MAOI, ambazo ni hatari zikikutana nayo, madaktari husubiri wiki 5.

Ile tramado. Tramado nayo inazuia serotonini isinyonywe, juu ya kutuliza maumivu, na inaweza kuleta degedege. Kama angeinywa saa nane ile kwa ajili ya misuli inayouma, angekuwa anaongeza chanzo kwa lengo la kutibu matokeo. Nyumbani tramado ziko kila mahali, na mtu mwenye homa, jasho na kutetemeka kwanza anafikiriwa malaria. Pima malaria, sawa kabisa, pima. Ila mgonjwa wa malaria akitetemeka anatafuta blanketi, huyu anavua nguo; na wa malaria mguu ukiusukuma haupigi. Tena hii huja kwa masaa, zaidi ya nusu ya wagonjwa huanza ndani ya masaa 6 tangu dawa iongezwe au ipandishwe, ukimuuliza mtu jana na leo umebadilisha nini utapata jibu. Mguu usipopiga nyumbani kwako isiwe sababu ya kubaki, ukiona homa na mwili kukaza kwa mtu wa dawa za sonona mpeleke. Huku Marekani kama dalili ni ndogo na huna uhakika kuna simu ya sumu, 1-800-222-1222, bure masaa 24, unasoma lebo wanakuambia uende au ubaki. Kwa hali ya dada hiyo simu haina nafasi, ni emajensi tu.

Kilichofuata ni kifupi. 5-HTP na SAMe ziliachwa moja kwa moja. Setralini walisimamisha kwa siku chache, daktari wake akamrudisha 100, hakuiacha kabisa kwa hofu, na hilo nilimwomba sana, maana wapo wanaotishika na kisa kama hiki wanatupa dawa ya sonona wanabaki na sonona. Na usingizi? Alihamisha saa. Sasa anameza setralini saa kumi jioni akiamka kwenda kazini, si saa mbili asubuhi anapokwenda kulala. Akaweka pazia zito jeusi. Wiki ya pili alikuwa anafika masaa sita.

Mwezi uliopita akanipigia tena, safari hii ametulia. Alikuwa anasafisha droo akakumbuka kwamba lile duka lilikuwa na ofa ya nunua mbili, na chupa ya pili ya 5-HTP alimtumia mama Morogoro kwa mtu aliyekuwa anasafiri, mama naye analalamika halali. Nikamuuliza mama anatumia dawa gani. Akasema ya presha, na ile ya goti. Ya goti ipi? Akakaa kimya kidogo. "Tramado, kaka." Tukampigia mama palepale wote watatu kwenye simu. Chupa ilikuwa kabatini bado ina plastiki yake, anasema alikuwa anangoja mtu wa kumsomea Kiingereza.